Gharama ya mbwa na paka nyumbani: Chakula cha kila siku na chanjo ya kila mwaka

Wakazi wengi wa mitaa ya Eastlands, kuanzia Buruburu na Umoja hadi Kayole, Dandora na Pipeline, hufuga mbwa wa kulinda lango au paka wa kufukuza panya. Ukimuuliza mwenye mnyama anatumia pesa ngapi kwa chakula, mara nyingi atakujibu kwa siku: shilingi hamsini, sitini, themanini. Ukimuuliza kuhusu chanjo, atakutajia jumla ya mara moja, nayo itasikika kubwa. Ndiyo maana chakula hununuliwa bila kufikiriwa sana na chanjo huahirishwa hadi mwezi ujao, kisha mwaka ujao.

Makala haya yanaziweka gharama hizo mbili kwenye mizani moja. Bei tutakazotumia ni za mfano tu, ili hesabu ionekane. Bei ya duka lako na ya daktari wako inaweza kuwa juu au chini. Mkazi, chukua kalamu na uweke bei zako mahali pa zetu.

Kwanza, mnyama anahitaji chakula kiasi gani?

Tuchukue nyumba moja yenye mbwa mzima wa kienyeji mwenye uzito wa kilo 15, na paka mmoja wa kilo 4. Ikiwa hujui uzito wa mbwa wako, simama kwenye mizani ya watu ukiwa umembeba, kisha simama peke yako. Tofauti ndiyo uzito wake.

Mbwa wa kilo 15 anayelinda ploti na asiyefanya kazi nzito anahitaji takribani kalori 850 kwa siku. Kwa chakula kikavu cha punje cha kawaida, hiyo ni karibu gramu 250, yaani robo kilo. Tukichukua bei ya shilingi 300 kwa kilo, anakula chakula cha shilingi 75 kwa siku. Kwa mwezi ni shilingi 2,250, na kwa mwaka ni shilingi 27,375.

Wengine hupika. Chakula cha nyumbani cha mbwa huyo huyo kinaweza kuwa ugali wa gramu 150 za unga, mapafu ya ng'ombe gramu 150, omena gramu 30 na kijiko kikubwa cha mafuta. Hapo kalori zitakaribia zile zile 850. Tukinunua unga kwa shilingi 80 kwa kilo, mapafu kwa 240, na omena kwa 500, chakula cha siku kitagharimu kama shilingi 66. Ukiongeza moto wa shilingi 10, umefika 76.

Jambo hili huwashangaza wengi. Watu hudhani kupika daima ni rahisi kuliko kununua punje, lakini nyama na moto vikihesabiwa, tofauti hupotea. Kupika kunaokoa pesa pale tu unapotumia moto uleule wa ugali wa familia, au unapompata mchinjaji anayekuuzia mabaki kwa bei nafuu mwisho wa siku. Kuna wanaookoa kwa njia nyingine: wanaondoa nyama na kubakisha ugali mtupu. Mbwa huyo atashiba lakini atakosa protini. Manyoya yake yatakuwa makavu na kupoteza mng'ao, na misuli ya mgongo na mapaja itapungua hata kama tumbo limejaa.

Ukipika, usitie chumvi nyingi, kitunguu wala kitunguu saumu, kwa kuwa vitunguu huharibu damu ya mbwa na ya paka. Usimpe mifupa ya kuku iliyopikwa, kwa sababu huvunjika vipande vyenye ncha vinavyoweza kutoboa utumbo. Na unga uliopata kuvu ambao familia imekataa kula, usimpikie mbwa. Sumu ya kuvu wa mahindi hushambulia ini lake kama inavyoshambulia la binadamu. Dalili zake ni kukataa chakula, kutapika, na baadaye macho na ufizi kugeuka manjano. Kagua pia chakula cha mbwa cha kupima madukani: kikiwa na harufu ya uvundo au mabonge yaliyoshikana, kiache.

Paka wa kilo 4 anakula kidogo sana, kama gramu 65 za chakula kikavu cha paka kwa siku. Kwa bei ya shilingi 450 kwa kilo, ni kama shilingi 29 kwa siku. Hapa kuna akiba ya uongo inayofanywa na wengi: kumlisha paka chakula cha mbwa kwa kuwa kilo yake ni nafuu. Paka anahitaji taurini, kirutubisho kinachopatikana kwenye nyama na samaki, na mwili wake hauwezi kujitengenezea cha kutosha kama mbwa anavyoweza. Akikikosa kwa miezi mingi, macho huanza kupoteza nuru na moyo hudhoofika. Ugali na maziwa navyo havimtoshi. Ikiwa chakula cha paka ni ghali kwako, omena waliochemshwa bila chumvi watamsaidia kuliko punje za mbwa.

Pili, ada ya chanjo ina nini ndani yake?

Mtu anapoambiwa "chanjo ni shilingi elfu nne," huwa ameunganishiwa vitu vitatu. Afadhali avitenganishe.

Cha kwanza ni chanjo ya kichaa cha mbwa. Hii ndiyo chanjo ambayo hakuna mbwa wala paka anayepaswa kuikosa, kwa sababu ugonjwa huu humwua mnyama na binadamu, na dalili zikishaanza hauna tiba. Ugonjwa huu si mgeni kwetu: kisa cha kwanza kilichorekodiwa nchini Kenya kilikuwa cha mbwa viungani mwa Nairobi mwaka 1912. Mkakati wa kitaifa wa kuutokomeza, wa 2014 hadi 2030, unalenga kuchanja angalau mbwa 7 kati ya kila 10. Kiwango hicho kikifikiwa mwaka baada ya mwaka, virusi hukosa mbwa wa kutosha wa kuambukiza na mnyororo hukatika. Kwa mfano wetu tuseme chanjo hii ni shilingi 700.

Cha pili ni chanjo ya mseto. Kwa mbwa, sindano moja huzuia magonjwa kadhaa, yakiwemo distempa, pavo, homa ya ini ya mbwa, na ugonjwa wa leptospira unaoenezwa na mkojo wa panya. Huo wa mwisho humpata binadamu pia, na mitaa yenye mitaro iliyoziba na panya wengi inaujua. Paka wana mseto wao wa mafua ya paka na ugonjwa wa kuhara na kutapika unaoua watoto wa paka haraka. Tuseme mseto ni shilingi 2,000.

Cha tatu ni ada ya daktari kufika nyumbani. Tuseme ni shilingi 1,500. Hii haihusiani na dawa. Ni muda na nauli, na inalipwa mara moja kwa safari, hata akichanja mnyama mmoja au watano.

Jumla kwa mbwa wetu ni shilingi 4,200. Sasa igawanye kwa siku 365 kama ulivyofanya kwa chakula. Unapata shilingi 11 na senti 50 kwa siku, kulinganisha na shilingi 75 za chakula. Kwa maneno mengine, kwa kila shilingi 100 unazotumia kumlisha mbwa huyu, chanjo zake zote pamoja na safari ya daktari ni kama shilingi 15.

Kuna tofauti nyingine inayofaa kujulikana. Chakula hufuata uzito wa mnyama, lakini chanjo haifuati. Mbwa mkubwa wa kilo 40 hula maradufu ya wetu, lakini dozi ya kichaa cha mbwa ni mililita moja kwake, kwa mbwa mdogo na kwa paka pia. Mtu akikutoza zaidi kwa chanjo hiyo kwa sababu mbwa wako ni mkubwa, muulize sababu.

Mahali pa kupunguza, na mahali pa kutogusa

Ukitaka kupunguza gharama, anza na safari, usianze na dozi. Nyumba nne za ploti moja au korti moja zikimwita daktari siku moja, ada ya 1,500 inakuwa shilingi 375 kwa kila nyumba. Gharama ya mbwa wetu inashuka kutoka 4,200 hadi 3,075. Mwenye uwezo wa chanjo ya kichaa cha mbwa pekee atalipa 700 na 375, jumla 1,075. Hiyo ni chini ya shilingi 3 kwa siku.

Madaktari nao hupendelea mpango huu. Chanjo ya kichaa cha mbwa huja kwa chupa ya dozi moja au ya dozi kumi. Chupa ya dozi kumi ikishatobolewa haiwekwi kwa ajili ya wiki ijayo. Kwa hiyo kumi wakikusanyika, hakuna kinachomwagwa, na bei inaweza kushuka. Unapompigia simu, uliza waziwazi: "Daktari, tuko na mbwa sita na paka wawili kwa korti moja. Chanjo ya kichaa ni ngapi kwa kila mmoja, na safari ni ngapi kwa sisi wote?" Akikutajia jumla moja, muombe akutenganishie.

Mwenye paka na mbwa asiwachanje siku tofauti. Kwa paka, ambaye chakula chake ni kidogo, ada ya safari ndiyo inayouma zaidi. Akichanjwa siku moja na mbwa, safari yake haigharimu kitu.

Njia ya pili ni kupima chakula. Mbwa wetu anahitaji gramu 250. Mwenye nyumba anayechota kwa mkono humwongezea kwa urahisi gramu 50 kila siku bila kujua. Kwa bei yetu hizo ni shilingi 15 kwa siku, na kwa mwaka ni shilingi 5,475. Chanjo zote za mwaka, pamoja na safari ya daktari, ni 4,200. Nyumba inayosema haina pesa za chanjo huenda inazimwaga kwenye bakuli, na mbwa ananenepa.

Dawa yake ni kopo. Mwombe mwenye duka akupimie gramu 125 kwenye mizani yake, umimine ndani ya kopo tupu la nyumbani, na uweke alama ya kalamu chakula kinapofikia. Kopo hilo moja asubuhi na moja jioni ndicho kipimo. Baada ya mwezi, papasa mbavu za mbwa. Zikisikika chini ya ngozi bila kubonyeza lakini hazionekani kwa mbali, kipimo ni sawa. Usipozisikia, punguza kidogo. Zikionekana zote, ongeza.

Njia ya tatu ni gunia. Kilo hiyo hiyo inayouzwa 300 kwa kupima inaweza kutoka 250 ukinunua gunia la kilo 20. Lakini mbwa mmoja atalila gunia hilo kwa siku 80, na chakula kilichofunguliwa muda huo wote kwenye nyumba yenye joto na panya huharibika: mafuta yake huchacha na unyevu huleta kuvu. Gawaneni nyumba mbili. Litaisha kwa siku 40, na kila mmoja atahifadhi sehemu yake kwenye ndoo yenye kifuniko.

Mahali pa kutogusa ni ubora wa chanjo yenyewe. Chanjo hizi lazima zikae kwenye baridi ya nyuzi 2 hadi 8 tangu kiwandani hadi kwenye sindano. Chupa iliyokaa mfukoni au kwenye rafu ya duka hubaki na rangi ileile na maji yaleyale, lakini nguvu yake inaweza kuwa imekwisha. Hutaijua kwa kumtazama mbwa, kwa hiyo angalia mambo haya kabla ya kulipa:

Chanjo itoke kwenye kijisanduku chenye barafu mbele yako. Soma tarehe ya mwisho ya matumizi kwenye chupa. Kibandiko cha chupa, chenye namba ya toleo, kibandikwe kwenye kadi ya mnyama, pamoja na tarehe, jina, sahihi na muhuri wa aliyechanja. Na anayechanja awe amesajiliwa na Bodi ya Madaktari wa Mifugo ya Kenya, KVB. Kumwuliza namba yake ya usajili si kumkosea heshima. Aliyesajiliwa huitoa bila shida.

Chanjo ya shilingi 200 isiyo na kadi wala barafu si nafuu. Ni shilingi 200 zilizopotea, na nyumba inayodhani ina kinga ilhali haina.

Mtoto wa mbwa: mwaka wa kwanza ni tofauti

Anayemleta nyumbani mtoto wa mbwa asifanye hesabu ya mbwa mzima. Mtoto hupata kinga kutoka kwa maziwa ya kwanza ya mama yake, na kinga hiyo huzuia chanjo kushika. Inaisha polepole, na kwa kila mtoto huisha kwa wakati wake. Kwa hiyo mseto hurudiwa, kwa kawaida akiwa na wiki 8, wiki 12 na wiki 16, ili angalau dozi moja imkute tayari. Ya kichaa cha mbwa hutolewa akiwa na miezi mitatu, ambapo inaweza kwenda pamoja na mseto wa wiki ya 12. Zote mbili hurudiwa baada ya mwaka.

Kwa bei zetu, hiyo ni mara tatu za mseto na moja ya kichaa cha mbwa, yaani shilingi 6,700 kabla ya safari. Kwa safari tatu za nyumbani ungeongeza 4,500. Hapa ndipo inapofaa kumbeba mtoto hadi kliniki, lakini usimweke chini barabarani wala kwenye sakafu ya chumba cha kungojea. Virusi vya pavo hukaa ardhini kwa miezi, na mtoto ambaye hajamaliza dozi hana kinga. Akianza kutapika na kuhara damu yenye harufu kali, mpeleke kwa daktari siku hiyo hiyo. Matibabu yake ni dripu ya siku kadhaa, hugharimu kuliko dozi zote tatu, na baadhi hufa hata hivyo.

Gharama isiyoandikwa kwenye kadi

Mbwa asiyechanjwa akimng'ata mtoto wa jirani, hesabu huhama kutoka kwa mnyama hadi kwa binadamu. Mbwa huhitaji dozi moja kwa mwaka. Mtu aliyeng'atwa huhitaji dozi 4 au 5 kwa wiki kadhaa, na jeraha likiwa kubwa huongezewa kingamwili ndani na kandokando ya jeraha. Ongeza nauli ya kila safari na siku za kazi zilizopotea, na bado hujafikia maneno kati ya majirani.

Ikitokea, osha jeraha mara moja kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha nenda kituo cha afya siku hiyo hiyo, hata kama jeraha ni dogo. Usingoje mbwa aonyeshe dalili. Mbwa asiuawe wala asifichwe. Afungiwe na aangaliwe kwa siku 10, na ofisi ya daktari wa mifugo ya kaunti ndogo iarifiwe. Mbwa akibaki mzima siku hizo zote, daktari anaweza kuamua kusimamisha dozi zilizosalia. Kadi yenye kibandiko na tarehe ndiyo atakayoiomba kwanza.

Kwa anayeanza leo, hesabu ya mwaka wa mbwa wetu ni shilingi 4,200 kugawanywa kwa miezi 12, yaani shilingi 350 kwa mwezi. Ziweke kando siku unaponunua chakula, kabla ya kufungua mfuko. Pia angalia matangazo ya wadi yako kuelekea tarehe 28 Septemba, Siku ya Kichaa cha Mbwa Duniani, kwa kuwa kampeni za kuchanja bila malipo mara nyingi hupangwa wakati huo. Kampeni hizo kwa kawaida hutoa chanjo ya kichaa cha mbwa tu, hivyo mseto bado utaulipia. Nenda na kadi ya zamani, mfunge mbwa kamba imara, na paka umtie kwenye kikapu au gunia lenye hewa.